Majibu ya Mama Yakitoka, Nani Ajue Kwanza?

Kwenye karatasi inayopelekwa maabara pamoja na kinyama kilichokatwa, kuna mstari mmoja ambao watu hawautilii maanani: namba ya simu. Muuguzi anauliza, "Majibu yakitoka tumpigie nani?" Mama hana simu, au laini yake ya Kongo haishiki huku Kisoro. Aliyemsindikiza anataja namba yake mwenyewe na kazi inaendelea. Wiki mbili au tatu baadaye simu inalia, na mtu huyo, pengine mjukuu wa miaka kumi na tisa au jirani mwenye pikipiki, ndiye wa kwanza kujua kwamba mama ana kansa. Hakuna aliyeketi na kumchagua. Amechaguliwa na namba.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia ya Bunagana, au yoyote iliyotawanyika kama za Bunagana, inayosubiri majibu mazito. Nimechagua kansa ya shingo ya kizazi, ile ambayo wengi wetu tunaiita kansere ya kizazi, kwa sababu mbili. Majibu yake hayatoki siku hiyohiyo, kwa hiyo mnao muda wa kupanga. Tena ni ugonjwa unaogusa ndoa, kwa hiyo kosa dogo la mpangilio huleta ugomvi mkubwa.

Tuchukue familia ya mfano. Mama ana miaka 52 na anaishi Bunagana na mumewe. Mtoto wa kwanza, wa kiume, anafanya kazi Goma. Binti wa pili alivuka mpaka Juni 2022, M23 walipoutwaa mji, akapitia kambi ya Nyakabande na sasa amepanga chumba Kisoro. Wa tatu yuko kambi ya Nakivale. Wa nne anauza nguo Kampala. Wa mwisho ana miaka 13 na bado yuko nyumbani. Mama amekaa miaka mitatu bila hedhi, kisha damu ikaanza kutoka tena. Binti wa Kisoro amempeleka hospitali upande wa Uganda, kinyama kimekatwa, na wamepewa tarehe ya kwenda kusikiliza majibu Mbarara.

Muulize kabla majibu hayajatoka

Wakati mzuri wa kuamua nani ajue kwanza ni siku ile kinyama kinapokatwa. Siku hiyo hakuna aliye na habari ya kuficha, na mama anaweza kusema anachotaka bila kusoma uso wa mtu. Binti anaweza kumwambia hivi, wakiwa wawili tu: "Mama, majibu yatachukua wiki mbili au zaidi. Yanaweza kuwa mazuri, yanaweza kuwa mabaya. Ungependa uyasikie wewe mwenyewe, au kuna mtu unataka ayasikie kwanza?"

Jibu huwa mojawapo kati ya matatu. Atasema, "Nitayasikia mwenyewe." Atasema, "Tusikie pamoja, mimi na wewe." Au atasema, "Mimi sitaki kujua, mwambieni kaka yako." Yote matatu yana haki ya kuheshimiwa, hata la tatu, kwa sababu ni yeye aliyeamua. Madaktari nao hufundishwa kuuliza kabla ya kusema. Mpango wa hatua sita ambao Robert Buckman na wenzake waliuchapisha mwaka 2000, na ambao wanafunzi wa udaktari wa nchi nyingi husomeshwa, unaweka swali la "unataka kujua kiasi gani?" mbele ya habari yenyewe.

Jibu la mama likishapatikana, rudi kwa muuguzi ukalitekeleze. Hakikisha karatasi ina jina na namba ya mtu aliyemtaja, na umwambie muuguzi asipigiwe mwingine. Omba pia simu iwe ya kuwaita tu, majibu yenyewe yasomwe mkiwa mbele ya daktari. Nchini Kongo daktari na muuguzi wanabanwa na sheria ya siri ya kazi, iliyo katika sheria ya adhabu. Lakini sheria hiyo haiwezi kukusaidia ikiwa ninyi wenyewe mmeandika namba ya jirani.

Mwenye mwili ndiye wa kwanza

Nyumba nyingi hufanya kinyume. Watoto wanapata habari, wanakutana, wanakubaliana mama asiambiwe, "atakufa kwa mawazo." Nia yao ni upendo. Angalia tu upendo huo unafika wapi katika safari hii.

Kama kansa imevuka hatua za mwanzo, matibabu ya kawaida ni mionzi pamoja na dawa za kansa, na mgonjwa wa upande wetu mara nyingi huelekezwa Kampala, kwenye taasisi ya kansa iliyo Mulago. Kibao cha hapo kimeandikwa Uganda Cancer Institute. Neno cancer huandikwa herufi zilezile kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na mama aliyesoma shule ya msingi Jomba analijua. Atalisoma akiwa amesimama langoni, mbele ya watu asiowafahamu, na papo hapo atajua mambo mawili: kwamba anaumwa kansa, na kwamba watoto wake walimdanganya njia nzima. Kuanzia hapo hata mkimwambia ukweli atauliza mnaficha nini kingine.

Kwa hiyo aliyeruhusu aambiwe, aambiwe yeye kwanza. Maneno yawe machache na yafuatane hivi.

Anza kwa kumuuliza: "Mama, wewe mwenyewe unafikiri mwilini kuna nini?" Wengi wamekwisha kukisia, na jibu lake litakuonyesha pa kuanzia. Kisha mwandae: "Majibu yametoka, na si mazuri." Kisha litaje jina: "Ni kansa ya shingo ya kizazi." Ukishalitaja, nyamaza. Dakika mbili za ukimya zinatisha, lakini ni zake. Usizijaze kwa mahubiri wala kwa ahadi.

Usiseme "kidonda kidogo" au "uvimbe kidogo." Kidonda hutibiwa kwa vidonge pale kituo cha afya, na mama atauliza kwa haki kwa nini anapelekwa Kampala. Akiuliza, "Nitakufa?", mjibu kwa kile mnachokijua: "Daktari bado hajajua imefika hatua gani. Atapima tena, na tutamsikiliza pamoja." Halafu mtajie tarehe ya kipimo kinachofuata. Tarehe humpa mtu mahali pa kushika.

Mtafsiri asiwe wa kwanza kujua

Hapa ndipo familia za mpakani hukosea bila kujua. Kisoro hakuna shida kubwa, kwa kuwa wauguzi wengi wanaongea Kifumbira, na mama wa Bwisha anakisikia kama lugha ya nyumbani kwake. Mbarara mambo hubadilika. Daktari anaongea Kiingereza na Kinyankole. Mama anaongea Kinyarwanda na Kiswahili. Anayejua Kiingereza ni mjukuu aliyesoma Uganda, basi anavutwa kiti akae katikati.

Tazama kinachotokea. Daktari anaongea dakika tatu. Mjukuu anageuka, anameza mate, anasema, "Bibi, amesema utatibiwa." Maneno matatu. Kijana huyo sasa amebeba kansa ya bibi yake peke yake, na bibi ametoka bila majibu. Ukiona maelezo marefu yamegeuka sentensi moja fupi, jua habari imekwama kwa mtafsiri.

Ukifika, kabla hamjaingia, uliza kama kuna muuguzi au mfanyakazi anayejua Kinyarwanda au Kiswahili, na uombe muwe naye. Ikibidi kumtumia ndugu, awe mtu mzima ambaye mama amemkubali, na apewe masharti matatu mapema: atafsiri sentensi moja moja, asifupishe, asiongeze la kwake. Mwombe daktari naye asimame kila baada ya sentensi mbili. Mwishoni, mama arudie kwa maneno yake alichosikia. Akisema, "Nina kansa, watanipima kujua imefika wapi, nirudi Jumanne," habari imefika.

Wa pili ni mwenye miguu ya safari

Baada ya mwenye ugonjwa, desturi hutuelekeza kwa mkubwa wa familia. Desturi hiyo nitairudia, kwa sababu ina uzito wake. Lakini matibabu yana hesabu yake. Mionzi ya kansa hii kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano hivi, halafu huja mionzi ya ndani. Ukiongeza vipimo na kungoja zamu, mgonjwa na mtu wake wajiandae kukaa karibu na hospitali miezi miwili au zaidi. Wa pili kujua anapaswa kuwa mtu atakayeishi miezi hiyo pamoja na mama, kwa sababu yeye ndiye anayehitaji siku nyingi zaidi za kujipanga.

Katika familia yetu ya mfano, binti wa Kisoro ana mtoto mchanga, hawezi. Wa Nakivale hawezi kuondoka kambini muda mrefu hivyo bila kuhatarisha nafasi ya familia yake. Wa Kampala ana chumba na anajua mji. Mama anakubali, na binti anampigia kwanza: "Kaa chini, niko na mama hapa. Majibu ni kansa ya shingo ya kizazi. Atahitaji kukaa Kampala muda mrefu. Usinijibu leo kama utaweza. Nitakupigia kesho saa mbili usiku."

Kisha, saa hiyohiyo, anampigia kaka wa Goma. Huyu ni mkubwa, na kumwacha asikie mtaani ni kumvunjia heshima ambayo familia itaihitaji baadaye. Asipewe uongo kwamba ndiye wa kwanza. "Yaya, mama amesikia majibu leo asubuhi, ametaka mdogo wetu wa Kampala ajue kwa ajili ya mahali pa kulala, na sasa wewe." Mtu anayeelezwa sababu ya mpangilio huupokea hata kama angependa mwingine.

Fedha zisiguswe katika simu hii ya kwanza. Simu inayotangaza kansa na kuomba dola papo hapo humfanya anayesikiliza ajitetee badala ya kuhuzunika, na kiasi kitakachotajwa kitakuwa cha kukisia. Subirini daktari aandike mpango wa matibabu, kisha mpige simu ya pili yenye hesabu. Msisahau kwamba mabenki ya Goma yalifungwa mji ulipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na fedha nyingi zikahamia kwenye simu. Kaka wa Goma atahitaji siku kadhaa za kuzikusanya na kuzivusha. Kabla mama hajapewa tarehe ya kusafiri, ulizeni pia hali ya mpaka wiki hiyo. Uganda iliufungua tena upande wa Bunagana Julai 2025, lakini sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba njia hubadilika.

Mume aambiwe chanzo pamoja na jina

Mara nyingi mume ndiye anayetakiwa ajue pamoja na mkewe, na mama wa mfano wetu anataka hivyo. Anachoogopa ni swali moja: "Umeutoa wapi?"

Swali hilo lijibiwe kabla halijaulizwa. Karibu kansa zote za shingo ya kizazi hutokana na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huenezwa kwa kujamiiana na ambacho wengi wa waliowahi kujamiiana hukutana nacho wakati fulani wa maisha. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikibaki, huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 mpaka chembe zilizoharibika ziwe kansa. Kwa mama wa miaka 52, hakuna kipimo kinachoweza kusema kiliingia lini wala kililetwa na nani. Kinaweza kuwa kilikuwepo upande wowote kabla hata ya mahari. Kansa hii si ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote.

Maneno haya humkaa mume vizuri yakitoka kwa daktari au muuguzi, mume akiwa amekaa kando ya mkewe. Kama hakuweza kuvuka, mama amwambie nyumbani akiwa na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, mama mkubwa au shangazi, aliyeelezwa chanzo kwanza kwa ruhusa ya mama. Mama anapoogopa kupigwa au kufukuzwa, msilazimishe mume aambiwe pamoja naye. Anza na yule ambaye kwake mama atalala salama usiku huo.

Kutaja chanzo kunazuia na jingine. Huku kwetu mama akianza kukonda bila maelezo, maelezo hujitengeneza: amepewa karuho, ametupiwa kitu na jirani, apelekwe chumba cha maombi afungiwe wiki tatu. Kansa haingoji wiki hizo. Kila mnapotaja jina la ugonjwa kwa baba mkubwa au kwa mchungaji, unganisheni hapohapo chanzo na tarehe ya matibabu. Maombi yafanyike, na yafanyike huku safari ikipangwa.

Faili lisipigwe picha

Kijana wa siku hizi akipewa majibu, kitu cha kwanza ni kupiga picha na kuituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Zuia hilo, kwa sababu ndani ya faili hilo mara nyingi kuna jibu jingine. Wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi wana uwezekano wa mara sita zaidi wa kupata kansa ya shingo ya kizazi, kwa hiyo hospitali hupima virusi hivyo pia na jibu huandikwa kwenye karatasi zilezile.

Mama aliyeruhusu watoto wajue kansa hajaruhusu wajue hilo. Ni habari mbili zenye orodha mbili tofauti za watu. Kongo ina sheria maalumu ya kulinda watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, nambari 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, na usiri ni sehemu yake. Faili likae katika mfuko wa mama au wa mtu aliyemtaja. Anayeomba kuona karatasi asomewe jina la kansa, hatua yake na tarehe, inatosha.

Kundi la WhatsApp litumike mwisho, baada ya watu wa karibu kupigiwa, na ujumbe uwe mmoja, umekubaliwa na mama, umeandikwa na mtu mmoja. Mfano: "Mama amepatikana na kansa ya shingo ya kizazi. Anajua. Tarehe 12 ana kipimo Mbarara. Maswali yote yaje kwangu, msimpigie mama leo." Yale maneno "anajua" yana kazi kubwa. Yanawaondolea ndugu wote hofu ya kuropoka mbele yake.

Mtoto wa nyumbani

Yule wa miaka 13 ameshaona kanga zenye damu na minong'ono inayokatika akiingia. Mwambieni kabla sanduku halijafungwa, na anayemwambia awe mama mwenyewe kama ana nguvu. Mtoto anahitaji mambo matatu: jina la ugonjwa, kwamba hauambukizwi kwa sahani, kitanda wala kukumbatiana, na nani atapika, nani atalipa shule mama akiwa Kampala. Usimwahidi kwamba mama atapona. Mwahidi kwamba kila jambo jipya ataambiwa, kisha mtimize ahadi hiyo.

Mpango ukivunjika, au majibu yakiwa mabaya zaidi

Mara nyingine habari hupasuka. Shemeji kasikia Kisoro, na jioni binti wa Nakivale anapiga simu akilia kwa nini ameambiwa na watu wa nje. Usimtafute mwenye kosa usiku huo. Mwambie: "Ulipaswa kuisikia kwetu, tusamehe. Ukweli ni huu." Mpe jina, hatua na tarehe kama wengine. Akiachwa siku mbili, atakuwa tayari na habari yake mwenyewe, na itakuwa mbaya kuliko ya kweli.

Ikiwa daktari atasema kansa imekwenda mbali na lengo sasa ni kupunguza maumivu, anayetangulia kusikia ni yuleyule, na kwa njia ileile. Kinachoongezeka ni mtu mmoja wa kuambiwa mapema: mhudumu wa tiba shufaa. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na ina tawi Mbarara tangu 1998. Wanatumia mofini ya maji ya kunywa, ambayo mgonjwa huweza kuitumia nyumbani. Mwombeni daktari awaandikie barua ya kwenda kwao siku hiyohiyo, maumivu yasije yakawakuta barabarani.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyekatwa kinyama wiki hii, muulize leo anataka nani ajue kwanza, halafu upige simu hospitali uthibitishe namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake ni ya nani.